Kuandika Mpangilio wa Elektroni: Kanuni ya Kujaza na Mipaka Yake

Makala haya yanakusudia kueleza maandishi mafupi ambayo wanakemia huyatumia kuonyesha jinsi elektroni za atomu zilivyopangika. Maandishi hayo yana alfabeti yake, sarufi yake, na vighairi vyake. Mwanafunzi huyajua kwa muda mfupi, na kwa sababu hiyo hudhani kwamba amekwisha kuyaelewa. Lakini ukimwuliza kwa nini elektroni ambazo katika maandishi “zilijazwa kwanza” ndizo zinazoondoka kwanza atomu inapogeuka ayoni, mara nyingi hana jibu. Tutajaribu kuonyesha kwamba tatizo hilo linatokana kwa sehemu kubwa na kitenzi kimoja, yaani kujaza, na kwamba kromi na shaba, elementi mbili zinazohesabiwa kuwa zimevunja kanuni, ndizo zinazotufundisha kanuni yenyewe ni kitu gani.

1. Maandishi yenyewe

Tuanze na mfano mwepesi. Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, na mpangilio wake huandikwa hivi:

1s² 2s² 2p⁶ 3s¹

Nambari inayotangulia herufi hutaja tabaka ambamo elektroni imo, kwa kuhesabu kutoka kwenye kiini kwenda nje. Herufi hutaja aina ya obitali, yaani umbo la eneo ambamo elektroni yaelekea kupatikana. Tarakimu ndogo ya juu ni idadi ya elektroni zilizomo. Ukijumlisha tarakimu hizo za juu utapata 11, na hii ndiyo njia ya kwanza ya kusahihisha maandishi ya namna hii.

Herufi s, p, d na f zina historia ambayo yafaa ijulikane kwa wanaisimu. Zilianza kama herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yaliyotumiwa na wachunguzi wa mwanga kuainisha mfululizo wa mistari inayoonekana sodiamu au elementi nyingine inapounguzwa na mwanga wake kupitishwa katika mche wa kioo. Mistari mingine ilikuwa myembamba na iliyokolea, mingine ndiyo iliyokuwa mikuu, mingine ilikuwa na kingo zilizotawanyika, na mingine ilidhaniwa kuwa ya msingi. Maana hizo zilikwisha kupotea, na herufi zikabaki kama alama tupu. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili hana sababu ya kuzitafsiri; azichukue kama anavyochukua alama za hesabu.

Ili kufupisha, sehemu ya ndani inayolingana na elementi ya gesi adimu hutiwa katika mabano ya mraba. Agoni ina elektroni 18, nayo ni 1s² 2s² 2p⁶ 3s² 3p⁶. Badala ya kurudia yote hayo tunaandika [Ar], kisha tunaendelea. Kalsiamu, yenye elektroni 20, ni [Ar] 4s².

2. Nambari nne za kwanta

Kila elektroni katika atomu hutambulishwa kwa nambari nne. Tatu za kwanza zinatokana na mlinganyo alioutoa Erwin Schrödinger mwaka 1926, na ya nne iliongezwa kwa sababu majaribio yaliidai.

Nambari ya kwanza ni n, yaani nambari kuu. Thamani zake ni 1, 2, 3 na kuendelea, nayo hueleza hasa ukubwa wa obitali na, kwa kiasi kikubwa, nishati yake. Ya pili ni l, nambari ya umbo. Thamani zake huanza 0 na kuishia n – 1. Pale l inapokuwa 0 tunaandika s, na eneo la elektroni ni la mviringo kama tufe. Inapokuwa 1 tunaandika p, nalo eneo lina ndewe mbili zinazotazamana kupitia kiini. Inapokuwa 2 tunaandika d, na 3 tunaandika f. Ndiyo maana hakuna 1p wala 2d: tabaka la kwanza haliruhusu l yo yote isipokuwa 0, na la pili haliruhusu kupita 1.

Nambari ya tatu, mₗ, ni ya mwelekeo. Hueleza obitali imeelekea upande gani, na thamani zake ni namba kamili kutoka –l hadi +l. Kwa hiyo obitali ya s ni moja, za p ni tatu, za d ni tano na za f ni saba.

Nambari ya nne, mₛ, ni ya spini, nayo ina thamani mbili tu: +½ na –½. George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit walipopendekeza wazo la spini mwaka 1925, waliifikiria elektroni kama kijitufe kinachojizungusha. Picha hiyo haikudumu, maana elektroni haina uso wa kuzunguka kwa namna hiyo. Kinachobaki ni tabia ya kisumaku yenye pande mbili tu. Kwa hiyo tunaona ni afadhali kuliacha neno spini katika umbo lake la kukopwa. Lau tungalisema “mzunguko”, tungalirudisha katika Kiswahili picha ambayo fizikia yenyewe imekwisha kuikataa.

Juu ya nambari hizi nne imesimama kanuni ya Wolfgang Pauli, iliyotolewa mwaka 1925: katika atomu moja hapana elektroni mbili zinazoweza kuwa na nambari zote nne zilizo sawa. Matokeo yake ni kwamba obitali moja huchukua elektroni mbili tu, nazo lazima ziwe na spini zinazopingana. Kutokana na kanuni hiyo tarakimu zote za juu zinapata mipaka: s haipiti 2, p haipiti 6, d haipiti 10, f haipiti 14. Tabaka la tatu, lenye obitali 1 + 3 + 5, lina nafasi 18. Mambo haya hayana vighairi. Yafaa msomaji ayashike, maana tutakapofika kwenye vighairi itakuwa muhimu kukumbuka kwamba kanuni ya Pauli haikuguswa.

3. Kanuni ya kuhesabu

Sasa elektroni ziandikwe kwa utaratibu gani? Kanuni inayofundishwa husema: jumlisha n na l, obitali zenye jumla ndogo hutangulia, na jumla zikilingana, yenye n ndogo hutangulia. Kwa 4s jumla ni 4 + 0 = 4, na kwa 3d ni 3 + 2 = 5. Kwa hiyo 4s hutangulia 3d. Kwa 4p jumla ni 5 pia, lakini n yake ni kubwa kuliko ya 3d, basi 4p hufuata. Utaratibu unakuwa 1s, 2s, 2p, 3s, 3p, 4s, 3d, 4p.

Kanuni ya pili ni ya Friedrich Hund. Elektroni zinapoingia katika obitali za aina moja, kwa mfano zile tano za 3d, kila moja hukaa peke yake katika obitali yake, zote zikiwa na spini ya upande mmoja, mpaka obitali zote zimepata moja moja. Ndipo zinapoanza kukaa mbili mbili.

Kwa kanuni hizi manganizi, yenye elektroni 25, ni [Ar] 3d⁵ 4s². Kumi na nane za kwanza ni za agoni, mbili zimekwenda 4s, na tano zilizobaki zimekaa moja moja katika 3d. Tumeandika 3d kabla ya 4s ijapokuwa katika kuhesabu 4s ilitangulia. Mwandishi mwingine ataandika 4s kwanza, na hatakosea, kwa kuwa idadi ni ile ile. Hata hivyo tutaona punde kwamba kuyapanga maandishi kwa tabaka kuna faida.

4. Kromi na shaba

Kromi ina elektroni 24. Kwa kanuni ya kuhesabu ingalikuwa [Ar] 3d⁴ 4s². Uchunguzi wa mwanga wa atomu za kromi umeonyesha kwamba katika hali yake ya nishati ya chini kabisa ni [Ar] 3d⁵ 4s¹, na elektroni zote sita za nje zina spini ya upande mmoja. Shaba ina elektroni 29. Ingalikuwa [Ar] 3d⁹ 4s², lakini ni [Ar] 3d¹⁰ 4s¹.

Vitabu vingi hutoa sababu moja kwa zote mbili: kwamba tabaka dogo lililojaa nusu, au lililojaa kabisa, lina uthabiti wa pekee. Maelezo hayo yanasaidia kukumbuka, lakini hayatoshi kuwa sababu, na tena yanafunika tofauti iliyopo kati ya elementi hizi mbili.

Kwa kromi jambo lenyewe ni msukumano. Elektroni mbili zilizo katika obitali moja husukumana kwa nguvu kuliko zilizo katika obitali mbalimbali. Zaidi ya hayo, elektroni zenye spini ya upande mmoja, kwa sababu ya kanuni ya Pauli, haziwezi kukaribiana kabisa, na kila jozi ya namna hiyo hupunguza nishati ya jumla. Katika 3d⁴ tunaweza kuhesabu jozi sita kama hizo. Katika 3d⁵ tunapata kumi. Kwa hiyo kuiondoa elektroni moja kutoka 4s, ambako ilibanana na mwenziwe, na kuipeleka 3d kulikobaki obitali tupu, kuna faida mara mbili. Faida hiyo inashinda gharama ya kuihamisha. Tofauti ya nishati kati ya mpangilio wa kweli na ule uliotarajiwa ni kama elektroni-volti 1.

Shaba ina habari nyingine. Kadiri tunavyokwenda kutoka skandiamu kuelekea shaba, kila hatua huongeza protoni moja katika kiini. Obitali za 3d ziko karibu zaidi na kiini kuliko 4s, basi mvuto huo unazikaza na kuzishusha kwa kasi kuliko 4s. Tunapofika kwenye shaba 3d imeshuka sana, na elektroni inapata nafuu kubwa ikikaa humo hata kama italazimika kukaa na mwenziwe. Mpangilio wa 3d⁹ 4s² umo katika shaba, lakini juu zaidi kwa karibu elektroni-volti 1.4.

Kwamba nusu na ukamilifu si sheria kunaonekana tukishuka chini katika jedwali la elementi. Chini ya kromi iko molibdeni, nayo ni 4d⁵ 5s¹ kama kromi. Lakini chini yake iko tangisteni, nayo ni 5d⁴ 6s², kinyume cha msemo wa nusu. Niobi nayo ni 4d⁴ 5s¹, ambayo si nusu wala si kamili. Kinachoamua kila mara ni jumla ya nishati ya elektroni zote pamoja, na jumla hiyo huegemea upande huu au ule kwa tofauti ndogo.

Wanaisimu wanaweza kukumbuka hapa jambo wanalolijua vizuri. Vitenzi vya silabi moja kama -la na -nywa hubakiza ku katika anakula na alikula, lakini huiacha katika akila na akala. Mwenye kushika orodha tu ataviita vighairi. Anayejua kwamba mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kwamba -ki- na -ka- huweza kubeba mkazo ilhali -na- na -li- haziwezi, hana kighairi cho chote mbele yake. Kromi na shaba ni vighairi kwa namna hiyo hiyo: vinakiuka muhtasari, havikiuki sababu.

5. Ayoni na mtego wake

Ayoni hasi si tatizo. Klorini ni [Ne] 3s² 3p⁵. Ikipokea elektroni moja huwa [Ne] 3s² 3p⁶, sawa na agoni. Tatizo liko katika ayoni chanya za elementi zenye 3d. Kanuni ya kufuata ni hii: andika kwanza mpangilio sahihi wa atomu, kisha ondoa elektroni kutoka tabaka lenye n kubwa kabisa. Ndiyo maana tulisema kuna faida kuandika 3d kabla ya 4s: zinazoondoka kwanza huwa mwishoni mwa mstari.

Tuchukue manganizi, [Ar] 3d⁵ 4s². Ayoni yake ya Mn²⁺ ni [Ar] 3d⁵. Mwanafunzi anayeamini kwamba “iliyojazwa mwisho hutoka kwanza” ataandika [Ar] 3d³ 4s². Nani atawaamua? Sumaku itawaamua. Kila elektroni isiyo na mwenzi huipa ayoni nguvu ya kisumaku, na nguvu hiyo hukadiriwa kwa kipeuo cha pili cha x(x + 2), ambapo x ni idadi ya elektroni zisizo na mwenzi. Jibu sahihi lina elektroni tano za namna hiyo, na makadirio ni 5.92 kwa kipimo cha magnetoni ya Bohr. Jibu la makosa lina tatu, na makadirio ni 3.87. Chumvi za manganizi zinapopimwa hutoa karibu 5.9. Basi hapana shaka.

Hapa mwalimu anahitaji hadhari katika kuchagua mfano. Wengi hupendelea Fe²⁺. Chuma ni [Ar] 3d⁶ 4s², na ayoni yake ni [Ar] 3d⁶, yenye elektroni nne zisizo na mwenzi. Lakini jibu la makosa, [Ar] 3d⁴ 4s², nalo lina nne. Kwa hesabu hii mfano huo hauthibitishi lo lote. Fe³⁺, ambayo ni [Ar] 3d⁵, ndiyo inayofaa.

Kromi na shaba zina mtego wa namna hiyo pia. Ukiondoa elektroni tatu kutoka kromi, moja ya 4s na mbili za 3d, unapata Cr³⁺, [Ar] 3d³. Hii ndiyo ayoni inayoipa yakuti nyekundu rangi yake, na vilevile zumaridi. Lakini aliyeanza na mpangilio usio sahihi, 3d⁴ 4s², naye ataondoa mbili za 4s na moja ya 3d, na kufikia 3d³ ile ile. Kosa lake limejificha. Vivyo hivyo Cu²⁺ ni [Ar] 3d⁹ kwa njia zote mbili. Anayetaka kujua kama mwanafunzi ameelewa kighairi amwulize ayoni ya chaji moja. Cu⁺ ya kweli ni [Ar] 3d¹⁰. Aliyeanza vibaya atatoa 3d⁹ 4s¹. Kloridi ya Cu⁺ ni nyeupe na haivutwi na sumaku, kama inavyotarajiwa pale ambapo kila elektroni ina mwenziwe.

Mrututu, kwa upande wake, una Cu²⁺, na huvutwa na sumaku kwa udhaifu, kwa sababu ya elektroni moja isiyo na mwenzi. Rangi yake ya buluu inatokana na ayoni hiyo ikiwa imezungukwa na maji. Ukiuchoma mrututu mpaka maji yatoke, unga unaobaki ni mweupe, ijapokuwa ayoni bado ni 3d⁹. Kwa hiyo rangi ni dalili tu. Haitoshi kuwa ushahidi wa mpangilio.

6. Kosa la kitenzi

Turudi kwenye swali tuliloanza nalo. Neno kujaza humfanya msomaji afikiri juu ya mtungi: maji ya kwanza yako chini, ya mwisho yako juu, na anayemwaga huanza na ya juu. Pia humfanya afikiri kwamba atomu ya manganizi ilikuwa kalsiamu kwanza, ikapata 4s² yake, kisha ikaongezewa tano. Hakuna jambo kama hilo lililotokea. Kanuni ya kuhesabu hulinganisha atomu mbalimbali, kila moja ikiwa na kiini chake. Kuunda ayoni ni kuondoa elektroni katika atomu moja ambayo kiini chake hakibadiliki. Hizi ni safari mbili tofauti, wala ya pili si ya kwanza kwa kinyume.

Skandiamu, yenye elektroni 21, huonyesha jambo hili waziwazi. Tuanze na ayoni yake iliyovuliwa elektroni tatu, Sc³⁺, ambayo ni [Ar], kisha tuzirudishe moja moja. Uchunguzi wa mwanga umeonyesha kwamba Sc²⁺ ni [Ar] 3d¹, Sc⁺ ni [Ar] 3d¹ 4s¹, na atomu kamili ni [Ar] 3d¹ 4s². Elektroni ya kwanza kurudi imeingia 3d, si 4s. Katika skandiamu, basi, 3d ndiyo iliyo chini. Mbili zinazofuata zinakwenda 4s kwa sababu obitali za 3d ni ndogo na zimebanana, na elektroni zikirundikana humo zitasukumana mno. 4s ni pana na iko mbali. Katika kalsiamu, yenye protoni moja pungufu, hali ni tofauti, na 4s ndiyo iliyo chini. Kanuni ya n + l inatoa idadi sahihi kwa elementi zote mbili, lakini haisemi lo lote juu ya safari ya elektroni ndani ya atomu moja.

Kwa mwandishi wa vitabu vya sayansi kwa Kiswahili, tofauti hii si ya mapambo. Badala ya kusema “elektroni hujaza 4s kabla ya 3d”, tunapendekeza iandikwe: “katika kuhesabu elektroni za elementi zinazofuatana, nafasi za 4s huhesabiwa kabla ya 3d.” Sentensi hiyo ni ndefu kidogo, lakini mtendaji wake ni yule anayehesabu, wala si elektroni. Mwanafunzi aliyeisoma hivyo hatashangaa akiambiwa kwamba elektroni za 4s ndizo zinazoondoka kwanza, maana hajaambiwa mahali po pote kwamba ndizo zilizoingia kwanza.